Anza na Tarehe: Simu Inapokwama Kwenye Pending

Hamjambo, wenzangu. Asanteni kwa kufunga vibanda mapema leo, najua Kisumu hii jioni ndiyo saa ya wateja. Nimeombwa nizungumze juu ya simu inayokataa kupakua programu. Mteja anabonyeza Install, kiduara kinazunguka, maandishi yanasema Pending, na mambo yanagandia hapo. Sina mengi. Shida yangu ni mpangilio wa kukagua, kwa sababu simu nyingi za namna hii huletwa kwangu zikiwa zimeumizwa na dawa kuliko ugonjwa.

Tuchukue simu moja. Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye aliniletea Android yake. Betri ilikuwa imefura, akabadilishiwa kwingine, na tangu siku hiyo WhatsApp haikubali kusasishwa. Fundi wa kwanza alikuwa amefuta kila kitu cha Play Store, hakufaulu, akamwambia dawa iliyobaki ni kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Mama akakataa, akasema, "Mwanangu, namba za wateja wangu wote ziko humu."

Nikaiwasha, nikateremsha pazia la juu. Tarehe: 1 Januari 2019.

Betri ikitolewa au ikiisha kabisa, simu nyingine husahau tarehe na kuanza upya na ile iliyowekwa na kiwanda. Kwa nini hilo lizuie kupakua? Kila simu inapoongea na seva ya Google, seva hutoa cheti cha kujitambulisha, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vyeti vya Google huwa vya takribani miezi mitatu tu. Simu inayodhani tuko 2019 ikitazama cheti cha mwaka huu inaona bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakata mazungumzo. Haijali bando lako ni kubwa kiasi gani. Ukiisogeza tarehe mbele ni vilevile, cheti kitaonekana kimekwisha. Watoto hufanya hivyo sana ili wapate maisha mapya kwenye michezo, halafu mzazi analeta simu akilalamikia mtandao.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Fungua Chrome, ingia tovuti yoyote ya kawaida. Ukiona Your clock is behind au Your clock is ahead, au yale maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, acha Play Store kabisa, shughulika na saa. Ingia Settings, System, kisha Date & time, uwashe kuweka saa kwa mtandao, na eneo liwe Nairobi, GMT+03:00. Ikikataa kujirekebisha, izime hiyo, weka tarehe kwa mkono, halafu uiwashe tena. Angalieni na saa yenyewe, maana nimeshakutana na mzee aliyeweka saa mbili asubuhi kama 2:00. Hiyo peke yake si kawaida kuzuia kupakua, lakini kengele yake ilikuwa ikichelewa saa sita nzima.

Tarehe ya mama ikakaa sawa, Chrome ikafungua. WhatsApp bado Pending.

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa, wanadhani tarehe haikuwa shida. Ilikuwa shida, ila nyuma yake kulikuwa na nyingine. Pending maana yake hasa ni kwamba programu iko kwenye foleni. Simu iliyozimwa muda mrefu ikipata mtandao, Play Store hukimbilia kusasisha kila kitu, na programu unayoitaka wewe hungoja zamu. Bonyeza picha ya akaunti pale juu kulia, ingia Manage apps & device, utaiona foleni yenyewe. Ya mama ilikuwa ndefu, na ya kwanza kabisa ilikuwa programu ya kibodi ambayo hata haitumii. Nikasimamisha zote, nikabakiza WhatsApp.

Ukiwa hapo hapo kwenye picha ya akaunti, pita Settings, Network preferences, App download preference. Fundi aliyetangulia alikuwa amefuta data ya Play Store, kwa hiyo chaguo alizokuwa ameweka mama zilikuwa zimepotea. Mteja wa bando la siku ambaye simu yake imewekwa Over Wi-Fi only atangoja mpaka kesho, maana hana Wi-Fi yoyote nyumbani. Tazameni pia nafasi iliyobaki: simu iliyojaa picha za vikundi vya WhatsApp haina pa kuweka kitu kipya.

Tarehe na foleni vikiwa sawa na bado imekwama, sasa ndiyo zamu ya kufuta kache. Settings, Apps, Google Play Store, Force stop kwanza, kisha Storage & cache, Clear cache. Hiyo haigusi kitu cha mteja, huondoa mabaki ya muda tu. Clear storage ni hatua kubwa zaidi: programu na picha za mteja hazipotei, lakini Play Store inaanza upya, hata kizuizi alichowawekea watoto kinaondoka. Ukifika kwenye Google Play services, mimi hufuta kache peke yake. Ukifuta na data yake, mteja aliyeweka kadi ya benki kwenye simu anaweza kulazimika kuiweka upya, na atakuja kukuuliza wewe.

Akaunti huwa ya mwisho, na hapa naomba tupunguze mkono. Dalili yake ni ujumbe Account action required, au Play Store inakuomba uingie upya kila mara, au hitilafu haitoki hata baada ya yote hayo. Mara nyingi nenosiri limebadilishwa kwenye simu nyingine. Tujiulize ukweli: wateja wetu wangapi wanajua nenosiri lao? Akaunti ilifunguliwa na kijana wa duka siku simu iliponunuliwa, akaliandika kwenye karatasi ya boksi, na boksi lilishawashia jiko.

Ukiondoa akaunti ya mtu kama huyo, namba ambazo hazijapanda kwenye Google zinaondoka na akaunti. Ukirudisha simu kiwandani kwa kupitia vitufe, ni mbaya zaidi, kwa sababu tangu Android 5.1 simu inaweza kuomba akaunti ile ile ya zamani kabla ya kufunguka. Kwa hiyo sharti ni moja: nenosiri lirejeshwe kwanza, akaunti ingali ndani ya simu. Google humtambua mtu kwa urahisi zaidi akiomba kurejeshewa kupitia simu aliyoizoea. Likishapatikana, sawazisha namba, hakikisha zinaonekana kwenye contacts.google.com, ndipo uondoe akaunti na kuirudisha.

Simu ya mama haikufika huko. Foleni ilipopungua, WhatsApp ilishuka.

Kuna aliyeuliza pale nyuma: je, tarehe ikirudi 2019 kila simu inapozimwa? Kama kuweka saa kwa mtandao kumewashwa na laini iko ndani, itajirekebisha baada ya muda mfupi, mwambie tu mteja asifungue Play Store kabla hajaona tarehe imebadilika. Simu isiyo na laini itahitaji Wi-Fi kwanza. Ikiendelea kusahau hata ikizimwa betri ina chaji ya kutosha, fungua uangalie betri uliyoweka imeshika vizuri, kabla hujaanza kulaumu bodi.