Alikuwa Ameshuka, au Alikuwa Anaruka?

Asanteni kwa kunikaribisha, wanangu. Nimehariri habari hapa Dar es Salaam miaka mingi, na leo nitawaletea moja tu, ambayo rasimu yake ya kwanza niliiharibu mwenyewe.

Ilikuwa Buguruni, saa moja na robo usiku. Abiria alianguka mlangoni mwa daladala, akaumia kichwa. Mama mmoja anayepika chapati kando ya kituo alisema: gari lilisimama, watu wawili wakashuka, wa tatu alipokuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, dereva akaondoa gari. Kijana aliyekuwa ndani, kiti cha nyuma ya dereva, alisema: gari halikusimama kabisa, hakuna aliyeshuka, yule aliruka mwenyewe likiwa bado linakwenda. Majeruhi alikuwa hospitalini, hawezi kuzungumza.

Mimi nikaandika hivi: “Mama aliyeshuhudia ajali alieleza kuwa gari liliondoka abiria akishuka. Hata hivyo, abiria mmoja alidai kuwa marehemu mtarajiwa aliruka.” Msicheke. Hilo la “marehemu mtarajiwa” mwenzangu alilifuta kabla halijafika mbali. Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Mama nimempa “aliyeshuhudia” na “alieleza”. Kijana nimempa “abiria mmoja”, “alidai”, na “hata hivyo” juu yake. Wote wawili walikuwepo, wote wameshuhudia. Hukumu nilishaitoa kwa vitenzi tu, wala sikuwa na ushahidi wowote wa kumpa mama ushindi. Nilimwonea huruma majeruhi, basi.

Nikairudia. Nikaandika “alisema” kwa wote. Halafu nikampigia mwandishi arudi akawaulize wote wawili maswali yaleyale. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, ilitaja mambo ya kuangalia shahidi anaposema amemtambua mtu kwa macho: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alimjua kabla. Yetu haikuwa kesi ya utambuzi, lakini maswali hayo yanafaa kwa jicho lolote.

Majibu yalinishangaza. Mama alikuwa hatua kama sita kutoka mlangoni, upande uleule wa mlango, na taa ya kibanda ikimulika. Ila alikuwa anageuza chapati. Aliinua kichwa aliposikia konda anagonga bati. Kijana alikuwa ndani ya gari lenyewe, angeweza kuhisi breki. Ila kati yake na mlango walisimama watu, na miguu ya aliyeanguka hakuiona. Kila mmoja alikuwa na mahali pazuri pa kuona kitu kimoja na pabaya pa kuona kingine. Hayo tuliyaandika, sentensi mbili kwa kila mmoja. Hatukuongeza “kwa hiyo”.

Na lile bati? Mama alilichukua kuwa ni ishara ya kuondoka. Lakini ninyi nyote mnapanda daladala: konda hugonga pia kuomba gari lisimame. Mlio ule haukumsaidia mmoja kumshinda mwenzake.

Hapo mwandishi akaniletea mambo mawili. Kwanza, watu watatu zaidi pale kituoni wanaomuunga mkono mama. Nikamuuliza, waliona? Kumbe wawili walifika baada ya kishindo, wakasimuliwa na mama mwenyewe. Hao si mashahidi wapya, ni mama yuleyule kwa midomo mingine. Wa tatu alisikia kelele tu. Hatukuwahesabu.

La pili ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu lilivaa sura ya busara. Alipendekeza tuandike kwamba gari “lilikuwa likitambaa polepole”. Nani amesema hivyo? Mama anasema lilisimama, kijana anasema halikusimama. Kutambaa ni habari ya tatu, na shahidi wake ni sisi tuliokuwa ofisini.

Tulichoweza kufanya ni kuanza na waliyokubaliana: saa, kituo, kwamba konda aligonga bati, kwamba abiria alianguka upande wa mlango. Kisha aya ya mama, kisha aya ya kijana, zenye urefu unaokaribiana. Kwa kuwa mtu hukumbuka zaidi alichokisoma mwisho, hatukumalizia na kijana. Tulimalizia na kitu kinachoweza kuamua: watu wawili ambao mama anasema walishuka. Wakipatikana, kijana amekosea. Wasipopatikana, bado hatujui, kwa sababu anayeshuka Buguruni saa ile hupotea sokoni kabla hujamwita. Hilo nalo tuliliandika.

Majeruhi alipopata nafuu tulimwendea. Alikumbuka kununua karanga kabla ya kupanda gari. Baada ya karanga, hakukumbuka kitu.