Saa 6 jioni ni saa ngapi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nilipewa dakika chache, basi leo nitatafsiri mbele yenu ujumbe mmoja tu, tahadhari ya mafuriko ya kutumwa kwa meseji. Ni mfano nilioutunga wa mazoezi, haujawahi kutumwa kwa mtu. Taarifa ya Kiingereza inasema mvua ya zaidi ya milimita 50 inatarajiwa Jumanne kuanzia 18:00, Mto Mathare huenda ukafurika kuanzia 20:00, na wakazi wahamie sehemu ya juu.

Tafsiri ya haraka huanza hivi: "Tahadhari: mvua kubwa inatarajiwa kuanzia saa 6 jioni." Naona mnacheka. Saa 6 jioni ni saa ngapi? Kwa Kiswahili haipo. Saa 6 ni ya mchana au ya usiku. Mtafsiri aliona sita ya Kiingereza akaibeba ilivyo, akaongeza jioni. Msomaji naye atairekebisha kichwani. Mmoja ataelewa saa 12 jioni, mwingine ataelewa saa 6 usiku, na huyu wa pili amejipa saa sita ambazo mto haujampa.

Siku nayo ina mtego wake. "Usiku wa Jumanne" kwa aliyelelewa Pwani, ambako siku huanza jua likizama, ni usiku baada ya Jumatatu. Kwa wengi hapa Nairobi ni usiku baada ya Jumanne. Redioni mtangazaji husema "usiku wa kuamkia Jumatano" na hakuna anayebishana. Kwenye meseji naandika "leo Jumanne", maneno yote mawili, kwa sababu simu iliyokuwa imezimwa hupokea ujumbe kesho yake, na "leo" ikiwa peke yake itadanganya.

Milimita 50 nimeziondoa. Maana yake ni lita 50 kwa kila mita mraba, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Mhandisi wa mitaro anaihitaji hesabu hiyo. Mama aliye kando ya mto anahitaji kujua mto utamfikia saa ngapi.

Sasa kitenzi. "Hamieni" kwa sarufi ni sahihi, lakini katika mitaa ya Nairobi kuhama ni kufunga godoro na kuondoka moja kwa moja. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, nyumba nyingi za kando ya mito zilibomolewa. Ukimwandikia mkazi wa kando ya mto "hama", atasoma notisi ya kubomolewa, na atabaki kulinda mabati yake. Naandika "ondoka", kisha naweka saa.

Aondoke aende wapi? "Nyanda za juu" ni Limuru huko. Mathare ni bonde: upande mmoja unapanda hadi barabara ya Juja, wa pili unapanda kuelekea barabara ya Thika. Nikitaja barabara ya Juja peke yake, aliye upande wa pili nitakuwa nimemtuma avuke mto uleule ninaomkimbiza. Hivyo niliandika:

"MAFURIKO MATHARE LEO JUMANNE. Mto utajaa kuanzia saa 2 usiku. Ondoka kando ya mto kabla ya saa 12 jioni. Panda juu upande wako. Usivuke kwenda ng'ambo."

Herufi 151, ukihesabu nafasi na nukta. Meseji moja hubeba 160, basi tumo. Ila tazameni kile kialama cha "ng'ambo". Kikiwa kimenyooka, hakuna shida. Ukiandika kwenye programu inayokipinda yenyewe, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa herufi, na nafasi 160 zinashuka hadi 70. Ukigawanywa, kila kipande hubeba 67. Ujumbe wetu unakuwa vipande vitatu, cha kwanza kikiishia "Ondok". Kipande kimoja kikichelewa, mwenye mulika mwizi anaweza kukaa akisubiri, au akapata nusu ya sentensi. Na hutaligundua kwa macho. Angalia kihesabu cha herufi kabla ya kutuma. Mimi nimelifuta neno lenyewe:

"MAFURIKO MATHARE LEO JUMANNE. Mto utajaa kuanzia saa 2 usiku. Ondoka kando ya mto kabla ya saa 12 jioni. Panda juu upande wako. Usivuke mto."

Herufi 140. "Huenda" imeanguka njiani, na hilo lazima mtaalamu wa hali ya hewa alikubali yeye, si mimi mtafsiri. Akikataa, nina nafasi 20 za kumrudishia: "Mto huenda ukajaa".

Kisha nampa mtu asome mara moja, nachukua simu yangu, namuuliza: unaondoka saa ngapi, unaelekea wapi? Akisita kwa lolote kati ya hayo mawili, narudi kuandika.