Zege halikauki, linakomaa: maji ya siku saba kwenye slabu

MWANAISHA: Fundi Salim, slabu imemwagwa Likoni leo asubuhi, kaskazi inavuma, jua la utosi. Kesho mwenye nyumba aikanyaga, aona ngumu, asema imeshakauka, maji ya nini tena?

SALIM: Hapo ndipo anapojidanganya. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Simiti hushikana na maji, na kule kushikana ndiko kunakofunga mchanga na kokoto. Kazi hiyo huendelea siku nyingi. Maji yakiondoka mapema, inasimama pale ilipofikia, na ukija kumwagilia wiki mbili baadaye hupati nguvu yote iliyopotea.

MWANAISHA: Mbona wengine huona nyufa kabla hata ya kesho?

SALIM: Hizo ni za saa za mwanzo. Zege bichi hutoa maji kidogo juu. Upepo ukiyachukua haraka kuliko yanavyopanda, uso hujikunja ilhali bado laini, ukapasuka. Maji ya kesho hayazibi ufa huo. Kwa hivyo ukimaliza kusawazisha, funika nailoni papo hapo, ubane kingo kwa mbao.

MWANAISHA: Halafu?

SALIM: Ukibonyeza kidole gumba kisiache alama, ondoa nailoni, ujenge matuta madogo ya udongo au mota dhaifu pembezoni, ujaze maji kina cha sentimita 3. Slabu ya mita 6 kwa 8 ni mita 48 za mraba, kwa hivyo ni lita 1,440.

MWANAISHA: Mitungi 72 ya lita ishirini! Mkokoteni utalalamika.

SALIM: Hiyo ni siku ya kwanza tu. Yakipungua nusu sentimita kwa siku, unaongeza lita 240, mitungi 12. Maji yakikusumbua, tandaza magunia, yaloweshe, ufunike nailoni juu yake. Hapo utatumia machache sana.

MWANAISHA: Na ule mtindo wa kurushia asubuhi na jioni?

SALIM: Kaskazi hii, kufika saa tano pamekauka. Uso unaolowa na kukauka kila siku hufanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Baadaye ukiukwaruza kwa msumari, vumbi linatoka.

MWANAISHA: Visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Yatumike?

SALIM: La, kama mna nondo ndani. Chumvi huingia, nondo hupata kutu, hufura, na zege hubanduka.

MWANAISHA: Siku ngapi basi?

SALIM: Soma mfuko wa simiti. Ukiandikwa CEM I, siku 7 bila kukatiza. Ukiandikwa CEM IV, hiyo ina pozolana, unga kama majivu ya volkano, hukomaa polepole: nenda 10 hadi 14. Na nguzo msizisahau; maji hayatuami pale, kwa hivyo mkitoa mbao tu, zifungeni magunia mabichi.