Kochi Kabla ya Kuvaa Kitambaa

Mhadhara kwa mafundi samani, Keko, Dar es Salaam

Habari za asubuhi, mafundi. Poleni na kazi, na ahsanteni kwa kuzima mashine kidogo ili tusikilizane.

Nimeombwa niongelee zile posti za Instagram zenye picha nyingi, ambazo mteja anaswaipu moja baada ya nyingine na kuona kazi inavyofanyika ndani ya karakana. Nitakaa kwenye makochi tu. Meza ya mninga mteja ataigonga, atatazama mishipa ya mbao, atainyanyua mguu mmoja, na atakuwa ameijua kwa kiasi kikubwa. Kochi halimpi nafasi hiyo. Fremu, viungo, mipira na sponji, yaani vyote vinavyoamua kama litadumu, vimefunikwa. Anachoweza kufanya ni kubonyeza kwa kiganja, na sponji mpya, hata ile nyepesi kabisa, siku ya kwanza inarudi vizuri. Kubonyea kunakuja baadaye, hela ikiwa imeshaliwa.

Sasa mtu huyo anafungua ukurasa wako, anakuta makochi ya Uturuki uliyoyaokota mtandaoni, halafu unamwambia atume nusu ya bei kwanza. Unamuuzia mbuzi kwenye gunia, naye ameshaumizwa huko nyuma.

Kwa hiyo kipimo changu cha picha ni kimoja: je, inaonyesha kitu ambacho kitambaa kitakificha? Kama haionyeshi, ipeleke mwisho au iache.

Tuchukue kochi la watu watatu. Instagram siku hizi inapokea picha hadi 20 kwenye posti moja. Kabla ya 2024 mwisho ulikuwa 10. Mimi naona saba au nane zinatosha. Ya kwanza naweka fremu tupu, imesimama sakafuni, na fundi yuko pembeni ameshika kazi. Najua wengi wenu mnaanza na kochi lililokamilika. Hilo kila ukurasa unalo, na kidole cha mteja kimezoea kulipita. Mifupa ya kochi inamsimamisha, kwa kuwa hajawahi kuiona.

Picha ya pili ndiyo naipa uzito kuliko zote. Mtu akiipita posti yako bila kuswaipu, Instagram huweza kumletea tena baadaye ikianzia picha ya pili. Kwa hiyo lazima iweze kujitegemea. Mimi naweka sponji juu ya mzani.

Nieleze vizuri. Kila mmoja anaandika "sponji nzito, original". Maneno hayo hayapimiki. Uzito wa sponji unapimika kwa kilo kwa mita moja ya ujazo, na kwa sehemu ya kukalia nyumbani, kuanzia kama 30 ni sponji ya kuaminika. Chukua kipande cha mraba, sentimita 60 kwa 60, unene 10. Zidisha 0.6 kwa 0.6 kwa 0.1, unapata mita za ujazo 0.036. Sponji ya 30 itakuwa na kilo 1.08. Ile nyepesi ya 16 itakuwa na gramu 576, karibu nusu. Mzani wa jikoni unatosha. Weka kipande juu yake, futi kamba ipite ukingoni, namba za mzani zisomeke, piga. Chini andika hesabu hiyo kwa sentensi moja. Mteja akitaka, atairudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Lakini mzani peke yake unaweza kudanganywa. Sponji iliyogandishwa kwa mabaki ni nzito sana, na zipo zinazoongezewa unga wa chokaa kiwandani ili kilo zipande. Ndiyo maana picha ya tatu ni ubavu wa kipande hichohicho pale kilipokatwa. Ya mabaki utaona vipande vya rangi rangi vimeshikana. Ya chokaa haionekani kirahisi kwa picha, hapo unabaki na jina la muuzaji wako na risiti.

Ya nne, kiungo cha kona kwa karibu. Kidole cha fundi kiwepo ili ukubwa uonekane. Mteja aone gundi imetoka kidogo pembeni, skrubu zimeingia, na kile kipande cha pembetatu kimefungwa ndani ya kona. Kama kona zako zimeshikwa kwa pini na msumari mmoja, usiipige. Wala usiikwepe kwa kuisogeza nje ya picha, badilisha kona. Kochi la namna hiyo litaanza kulia kila mtu akikaa, na picha haitakuokoa. Ya tano ni mipira ikiwa imevutwa na kupishana, kabla sponji haijalala.

Halafu watu. Hapa naona mafundi wengi wanapanga mstari kama picha ya harusi. Mpige fundi akiwa anafanya kazi ambayo mteja ataigusa: anayeshona, mikono iko kwenye pindo. Andika jina lake la kwanza na kazi yake, ukimwomba ruhusa kabla. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, kijana anaweza kuhama karakana huku sura yake ikiendelea kukuuzia. Akisema itoe, itoe. Picha ya kupeleka mzigo isionyeshe namba ya nyumba ya mteja.

Mteja ataangalia pia vitu usivyovikusudia. Waya uliochubuka ukutani, kijana anapiga msasa bila barakoa. Vumbi la mbao halimsumbui, anajua yuko karakana. Vile vingine vinamsumbua.

Kuhusu simu sitakaa sana. Futa lenzi, ina vumbi. Zima flashi, vanishi inang'aa. Vuta kazi karibu na mlango asubuhi, wewe simama upande wa mwanga. Piga zote wima, 4:5, maana posti nzima inafuata umbo la picha ya kwanza. Ukianza na iliyolala, zinazofuata zitakatwa vichwa.

Nimeona mkono pale nyuma. Kaka anauliza: wenzetu wakiziiba picha hizi? Wataiba, lakini zinawasumbua. Kochi lililokamilika halina anwani. Fremu yako ina ukuta wako, benchi lako, sura ya fundi wako, na mteja akiomba picha nyingine ya kona ileile leo jioni, mwizi hana pa kuipiga.

Na dada hapa mbele anasema jambo zito: posti inaonyesha kochi moja zuri, mteja atajuaje lake limetengenezwa hivyohivyo? Hajui. Posti haiwezi kuthibitisha hilo. Inamleta tu mpaka WhatsApp. Kuanzia hapo mpigie picha kochi lake mwenyewe, fremu yake, sponji yake kwenye mzani, na karatasi yenye namba ya oda yake ikionekana kwenye kila picha. Kisha subiri ajibu kabla hujafunika. Mimi ningegawa malipo hivi: asilimia 40 ya kununulia mbao na sponji, 30 akishaona fremu na sponji, 30 kochi likifika mlangoni. Asilimia 40 ikiwa haitoshi vifaa, basi bei yako ina tatizo, na hilo tulizungumze tukipata chai.