Nina Shida na Chumvi

Mwanaidi: Karibuni tena. Kamau leo kaja na daftari, jamani.

Kamau: Nimepanga mafunzo matatu ya kuomba kwa adabu, dada. Lakini anza wewe. Jumanne usiku ulinipigia unafoka.

Mwanaidi: Sikufoka, nilikuwa na hasira tu. Mnajua kazi yangu ni kutafsiri. Sasa bosi wa mradi mmoja kanipa ujumbe wa kumpelekea mshauri wao, mama mmoja yuko Uingereza: "Samahani, nilikuwa na shida na ile ripoti. Ukipata nafasi, naomba unirushie." Nilikuwa na haraka, nikauvusha neno kwa neno.

Kamau: Uwi!

Mwanaidi: Yule mama akaelewa kwamba bosi kaona kasoro kwenye ripoti. Akaomba radhi, akauliza kasoro iko ukurasa gani. Bosi hajaitia machoni hiyo ripoti! Siku mbili watu wanaulizana kasoro ambayo haipo.

Kamau: Hata mimi mara ya kwanza Tanga niliponea chupuchupu. Mama mwenye nyumba kaniambia mezani, "Nina shida na chumvi." Nikamuuliza imemkosea nini.

Mwanaidi: *(anacheka)* Wewe ulitakiwa usogeze kibakuli!

Kamau: Nikadhani wamegombana.

Mwanaidi: "Shida" hapo ni uhitaji. Ukisikia "nina shida na", halafu kitu kikatajwa, ombi limeshatoka. Mtu akikwambia "nina shida na wewe kidogo", anataka mkae pembeni muongee. Kiingereza kinaigeuza kuwa ugomvi.

Kamau: Na ile "nilikuwa"?

Mwanaidi: Hapo ndipo nilipojikwaa vizuri. Sisi tunalirudisha ombi nyuma ili lisimkabe mtu: "nilikuwa naomba", na bado unaomba sasa hivi. Waingereza nao wanayo: "nilikuwa najiuliza kama ungeweza." Ila kwao inakaa kwenye vitenzi vichache, vya kujiuliza, kutumaini. Ukiipeleka kwenye "kuwa na shida", inakuwa jambo la jana lililotokea kweli. Na adabu yao kubwa iko kwenye swali: unaweza kunitumia, plizi? Yetu iko kwenye "naomba" na ile *e* ya mwisho: unirushie, unisaidie. "Naomba" wewe ukiivusha ilivyo, unaonekana umepiga magoti.

Kamau: Sisi hotelini ni "niekee chai na chapo mbili." Kwisha. Hakuna mtu anaandika kuomba radhi.

Mwanaidi: Na ndiyo maana ukifika Dar mhudumu anakuangalia hivyo. "Naomba chai" imekushinda nini?

Kamau: Naomba chai ninayoilipia? Chumvi ndiyo yenye shida, mimi sina.

Mwanaidi: Chumvi tena!

Kamau: Lakini sikia. Wewe unajilaumu, mimi namlaumu bosi. "Ukipata nafasi" ni lini? Hata kwa Kiswahili haieleweki.

Mwanaidi: Inaeleweka. Bosi akimwambia karani "ukipata nafasi", karani anaacha alichoshika.

Kamau: Fundi wangu wa kabati nilimwambia "ukipata nafasi" kabla ya Ramadhani. Hajaipata.

Mwanaidi: Kwa sababu fundi anajua humtishi! Uzito wa maneno uko kwa anayesema. Wote wawili wamekuelewa.

Kamau: Basi maneno yenyewe hayana siku. Anayesikia ndiye anaweka siku, na mama wa Uingereza hajui bosi ana uzito gani. Ungemuuliza bosi: lini?

Mwanaidi: Nimuulize bosi lini? Hiyo ni kumwambia hajui kusema. Kazi ilikuwa yangu: niandike swali, niweke Alhamisi, nimalize.

Kamau: Alhamisi umeitoa wapi? Hakuitaja.

Mwanaidi: Najua mkutano wake ni Ijumaa.

Kamau: Kwa hiyo umembunia siku. Huko si kutafsiri, dada, huko ni kumsemea.

Mwanaidi: Ndiyo kutafsiri kwenyewe!

Kamau: Hapana. Siwezi kukubali hiyo.

Mwanaidi: Usikubali. Na mimi sitakubali yako.

*(kimya kidogo)*

Kamau: …Haya. Funzo la kwanza. Neno "tafadhali"…

Mwanaidi: Tuna dakika moja, Kamau.

Kamau: Moja? Na daftari langu?

Mwanaidi: Lifunge. Kuna kijana mlangoni.

Sauti ya mlangoni: Hodi. Samahani, nilikuwa na shida na hicho chumba.

Kamau: Kimekukosea ni…

Mwanaidi: Kamau, toka!