Barua ya Udhamini Ina Wasomaji Wawili

Ndugu waandaaji, viongozi wa timu na wote mliofika, nashukuru kwa nafasi hii. Faida za michezo kwa vijana sitazieleza. Mnazijua kuliko mimi, na hata kampuni mnazoziandikia zinazijua. Leo nataka tuzungumze juu ya barua yenyewe, na hasa sentensi mbili zilizomo karibu katika kila barua ninayoombwa niipitie.

Nimetunga mfano, nao nitausoma. Kila mmoja wenu atadhani nimeichukua barua yake, maana zote ni ndugu.

"YAH: OMBI LA UDHAMINI WA MASHINDANO YA MPIRA WA MIGUU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Michezo ni afya, michezo hujenga undugu, michezo huwaepusha vijana na makundi mabaya. Hivyo tunaomba kampuni yenu itushike mkono kwa chochote mtakachojaaliwa. Mkitudhamini, kampuni yenu itatangazwa kwa maelfu ya watazamaji. Tunatanguliza shukrani zetu za dhati."

Tuanze na "chochote mtakachojaaliwa". Barua hii inafika mezani kwa mtu wa masoko. Pengine naye ni mpenzi wa mpira, pengine aliwahi kucheza, na moyoni ameshakubali. Lakini kauli ya mwisho si yake. Lazima aipeleke kwa anayeshika fedha, na huyo hajawahi kuwaona, hatawaona, na ana barua nyingine chungu nzima. Atauliza mambo matatu tu: wanataka kiasi gani, sisi tunapata nini, na tutajuaje kwamba tumekipata. Rafiki yenu wa masoko atayajibu kwa kutumia nini? Karatasi yenu. Hana kingine. Akifungua, anakuta "chochote". Hakuna fomu ya matumizi ofisini yenye nafasi ya kujaza "chochote". Kwa hiyo anafanya analoweza bila kumwuliza mtu: anatoa kofia na fulana zilizobaki stoo. Halafu mnarudi mkisema kampuni hazina utu.

Ndiyo maana nasema kila siku, andikieni msomaji wa pili. Wa kwanza hahitaji kushawishiwa sana. Anahitaji silaha ya kwenda nayo kikaoni.

Najua mtaniambia, "Tukitaja kiasi, watatuona tuna tamaa, watatukataa." Hapana. Aliyeambiwa kiasi anaweza kusema ana nusu, na mazungumzo yakaanza hapo. Aliyeambiwa "chochote" hana pa kuanzia. Tajeni gharama yote ya mashindano, tajeni sehemu ambayo tayari mnayo, kwa mfano ada za timu zinazolipa waamuzi, kisha tajeni pengo lililobaki na sehemu ya pengo hilo mnayomwomba huyu mmoja. Anayeona kwamba wenyewe mmeshaweka chenu anakuwa na jambo la kulisemea.

Sasa sentensi ya pili, "maelfu ya watazamaji". Hapa nitakaa, mwenyekiti anivumilie.

Chukueni uwanja wa urefu wa mita 100 na upana wa mita 64. Mzunguko wake ni mita 328. Watu waliosimama bega kwa bega huenea kama wawili katika mita moja. Kwa hiyo safu moja inayouzunguka uwanja mzima, bila pengo hata kwenye kona, ni watu wapatao 650. Ninyi mnaandika 5,000. Uwanja wenu hauna jukwaa, watu wanasimama chini. Ili wafike 5,000 mnahitaji safu karibu nane pande zote nne. Wa safu ya nane anatazama nini? Visogo vya watu. Na mtu wa fedha anaweza kuipiga hesabu hii kwa dakika moja. Akishaona kwamba namba hii si ya kweli, hata zile mlizozipata kwa haki hataziamini tena.

Kwa hiyo hesabuni, na kuhesabu si kazi kubwa. Dakika ya 20 ya kipindi cha pili, waliochelewa wameshafika na wanaowahi kuondoka bado wapo. Watu wawili waanze kwenye kibendera kimoja cha kona, kila mmoja ashike upande wake: mstari mmoja wa pembeni na mmoja wa goli, hadi wakutane kona ya mkabala. Palipo na msongamano, mtu ahesabu vichwa katika hatua kumi zake, kisha azidishe kwa idadi ya hatua kumi-kumi za sehemu yote yenye msongamano. Wakati huohuo mwingine apige picha kwa simu kutoka kona zote nne, ili anayebisha aonyeshwe. Kama mashindano yenu ni mapya, hesabuni kwenye mechi za kawaida za uwanja huohuo, miezi michache kabla ya kuandika.

Tuseme mna timu 16 katika makundi manne. Kila kundi la timu nne lina mechi sita, jumla 24. Ongeza robo fainali nne, nusu fainali mbili na fainali: mechi 31. Tuseme hesabu yenu imeonyesha wastani wa watu 150 kwenye mechi ya makundi, 300 robo fainali, 450 nusu fainali na 600 kwenye fainali. Zidisheni: 3,600, na 1,200, na 900, na 600. Jumla 6,300.

Sasa angalieni jinsi ya kuiandika. Si watu 6,300. Mzee anayekuja kila siku na kiti chake amehesabiwa kila alipokuja. Ni mahudhurio 6,300. Andikeni hivyohivyo, na mwongeze mlivyohesabu kwa sentensi moja. Mtu atanipinga kwamba mshindani wetu ameandika 20,000, sisi tutaonekana wadogo. Mwacheni aandike. Sijaona mtu wa fedha akikataa namba kwa sababu imeelezwa ilikotoka.

Sasa ile sentensi ya "kampuni yenu itatangazwa" tuiandike upya. Iwe hivi:

"Jina la kampuni yenu litachapwa kifuani mwa jezi 320, yaani wachezaji 20 wa kila timu kati ya timu 16. Mabango manne ya mita 3 kwa 1 yatakuwa uwanjani katika mechi zote 31. Mtangazaji atalitaja jina hilo kabla ya mchezo kuanza, wakati wa mapumziko na baada ya kipenga cha mwisho. Kwa kuzingatia hesabu tuliyoifanya uwanjani, tunatarajia mahudhurio 6,300. Ndani ya siku 14 baada ya fainali mtapokea taarifa yenye idadi ya kila mechi, picha na matumizi ya fedha."

Hakuna sifa hata moja humo. Kila kitu kinaweza kwenda kukaguliwa, na hilo ndilo linalomfanya mtu atie saini.

Lakini msiandike kabla hamjafikiria utekelezaji. Mfano ni hizo jezi. Mdhamini anataka rangi ya kampuni yake, nanyi kwa furaha mnakubali jezi zote 320 ziwe nyekundu. Siku ya kwanza timu mbili zinaingia uwanjani zimefanana. Sheria za mpira zinataka zitofautiane, mwamuzi anasimamisha mambo, na timu moja inavalishwa vizibao vya mazoezi juu ya jezi. Vizibao vimefunika nini? Jina la mdhamini! Nusu ya mlichokiahidi kimetoweka, na picha zote zinaonyesha hivyo. Hata mkitumia rangi mbili, ndani ya kundi moja timu za rangi moja zitakutana. Basi wekeni kwenye bajeti seti mbili za vizibao vilivyochapwa jina hilohilo. Ni gharama ndogo, na mkimweleza mdhamini mapema kwa nini mnaviomba, atajua anazungumza na watu waliowahi kusimamia mechi.

Na mabango nayo. Mtayakuta yote yamefungwa upande wa meza kuu, nyuma ya mpiga picha. Pelekeni mawili ng'ambo, anakoelekeza kamera, na mawili nyuma ya magoli, maana picha ya goli ndiyo itakayosambazwa.

Jambo jingine ni upekee. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, chini ya Peter Ueberroth, ilichagua wadhamini wachache na kumpa kila mmoja biashara yake peke yake, ndipo thamani ya nafasi ikapanda. Kwenye filamu za kamera nafasi ilikuwa ya Fuji. Mshindani wake, Kodak, ikapitia mlango mwingine, ikadhamini matangazo ya televisheni ya ABC, na watazamaji waliona jina lake vilevile. Nanyi mnaweza kuahidi upekee, lakini kwa vitu mlivyovishika tu: jezi, mabango, kipaza sauti, kombe. Uwanja usio na ukuta msiahidi kwamba mshindani wa mdhamini wenu hatafungua mwavuli wake pembeni. Ahidini kwamba hatakuwa ndani ya kamba. Na kabla ya hapo ziulizeni timu zote 16 kama kuna yenye mdhamini wake kifuani. Hili likigundulika asubuhi ya mechi ni ugomvi wa watu watatu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza kuhusu udhamini wa vitu badala ya fedha. Niseme tu kwamba mkiomba maji au usafiri, tajeni chupa ngapi na safari ngapi, kama mlivyotaja fedha. Barua iwe ukurasa mmoja. Bajeti, ratiba na kibali cha uwanja viende kama viambatanisho. Ulizeni jina na cheo cha anayepokea, msiandike "kwa yeyote anayehusika". Akaunti iwe ya kamati, isiwe ya mwenyekiti binafsi, na saini ziwe mbili, ya mwenyekiti na ya mtunza hazina. Pigeni simu ofisini kwao kuuliza bajeti ya mwaka hupangwa mwezi gani, kwa sababu barua nzuri iliyofika baada ya fedha kugawanywa hujibiwa "mwakani", na mara nyingi jibu hilo ni la kweli.

Aliyekuja na barua yake asiondoke nayo. Kaeni wawili-wawili, mpeane, na kila mmoja asome ya mwenzake kama mtu wa fedha: kiasi gani, tunapata nini, tutajuaje. Swali lisilo na jibu kwenye karatasi, lipigieni mstari. Dakika kumi, halafu tutaanza na barua zenye mistari mingi.