Chenji ya Elfu Moja

WAFULA: Karibuni tena. Tuliahidi kipindi cha kusoma silabi, ba be bi bo bu, lakini Akinyi ameingia studio na jambo.

AKINYI: Tutafika kwenye silabi. Ni darasa langu la jioni pale Nyalenda. Jumanne niliandika ubaoni 1000 kutoa 365, kwa safu, sufuri juu ya tano. Mama mmoja muuza omena akaja mbele, akaandika 1365.

WAFULA: Alitoa ndogo kwa kubwa kila safu. Tano na sufuri, akaandika tano, sita na sufuri, sita, tatu na sufuri, tatu, moja akaishusha.

AKINYI: Haswa. Kisha akasimama akiitazama. Akasema, "Mwalimu, hii si kweli. Ukinipa elfu, nitakurudishiaje zaidi ya ulichonipa?" Kabla sijajibu akasema chenji ni mia sita thelathini na tano.

WAFULA: Kichwani?

AKINYI: Kichwani. Nikamwomba ahesabu kwa sauti. Kutoka 365, tano inamfikisha 370. Thelathini, 400. Mia sita, elfu. Tano, thelathini, mia sita. Ndivyo anavyorudisha chenji sokoni kila siku: anaanzia bei, anapanda mpaka noti aliyopewa.

WAFULA: Sasa umfundishe kukopa.

AKINYI: Nilijaribu. Nikamwambia sufuri ikope kwa jirani. Akaniuliza, "Na jirani naye ni sufuri, atanikopesha nini?" Darasa zima likaangua kicheko.

WAFULA: Swali zuri kabisa! Ndiyo maana mimi sitaji mkopo, natumia pesa. Weka noti ya elfu mezani. Ivunje: noti tisa za mia, sarafu tisa za kumi, sarafu kumi za shilingi moja. Bado ni elfu. Ondoa mia tatu, zinabaki sita. Ondoa kumi sita, zinabaki tatu. Ondoa shilingi tano, zinabaki tano. 635.

AKINYI: Nilifanya hivyo, kwa karatasi zilizokatwa. Wakati pesa ziko mezani, kila mtu anapata. Nikiziondoa na kubakiza tarakimu peke yake, nusu yao wanarudi 1365. Kwa hiyo nauliza, kwa nini nisimfundishe kuandika ile njia yake? Mstari mmoja: 365, 370, 400, 1000, na juu ya kila mruko aandike alichoongeza.

WAFULA: Kwa chenji ya omena, sawa. Kwa kitabu cha chama, hapana.

AKINYI: Nipe hesabu ya chama.

WAFULA: 4,812 kutoa 1,967.

AKINYI: 33 mpaka 2,000. Elfu mbili mpaka 4,000. Halafu 812. Jumla 2,845.

WAFULA: Jibu ni sahihi. Lakini kitabu kinapitiwa na mweka hazina mwingine, na mtoto wa yule mama analeta kazi ya shule iliyopangwa kwa safu. Nyanya yangu alijifunza gumbaru, wakati wa ile kampeni ya 1979. Alifundishwa safu, na ndiye aliyeshika kitabu cha kikundi chao mpaka uzeeni. Usimnyime mtu mzima kile ambacho wengine wote wanakisoma.

AKINYI: Simnyimi. Namwanzishia alipo. Anafika saa moja jioni akitoka sokoni, na saa mbili na nusu lazima aende kuwapikia wanawe. Nikitumia muda huo kwenye safu, atatoka akiamini hajui hesabu, na anaijua.

WAFULA: Na ukimwacha na mstari wake, atatoka akiamini safu ni za watu wengine.

AKINYI: Sikubali.

WAFULA: Wala mimi.

AKINYI: Kuna kitu kimoja nataka walimu wakisikie. Lile jibu la 1365, alilikataa mwenyewe. Wengi huliacha hapo hapo, kwa sababu wanadhani hesabu ya ubaoni ina sheria zake. Mfundishe ajumlishe jibu na kile alichotoa: 635 na 365 zirudi elfu. Zisiporudi, arudie. Hilo analifanya bila kumsubiri mwalimu.

WAFULA: Hapo sina neno. Ila ajumlishe kwa safu.

AKINYI: Wafula!

WAFULA: Tano na tano kumi, andika sufuri, beba moja...

AKINYI: Naonyeshwa mkono, dakika moja. Na silabi?

WAFULA: Silabi, na kuandika jina, na kusoma risiti, vyote vimebaki.

AKINYI: Wiki ijayo basi. Na yule aliyeuliza kuhusu wanaoandika 3005 badala ya 305, swali lako ninalo. Jibu fupi: anaandika 300 kama anavyoisikia, kisha anaongeza 5 mbele yake. Chora visanduku vitatu, mia, kumi, moja, mwambie kila kimoja kinapokea tarakimu moja tu. Pasipo na kumi...

WAFULA: Muda umekwisha, dada.